Naomba ushauri: lebo ya vidonge vya mlonge

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana kisukari na anatumia glibenklamaidi. Kaletewa kopo la vidonge vya mlonge na sijamruhusu aanze, maana lebo inanitia wasiwasi.

Imeandikwa "mlonge" tu, bila kusema ni majani, mbegu au mizizi. Majani tunayala kama mboga, lakini magome ya mizizi yana sumu, kwa hiyo kwangu hilo si jambo dogo.

Kisha kuna "miligramu 500, 10:1". Ninavyoelewa, kilo 10 za mmea zimetoa kilo 1 ya dondoo. Je, hizo 500 ni dondoo yenyewe, yaani sawa na gramu 5 za mmea, au ni gramu nusu ya mmea iliyobaki miligramu 50? Tofauti ni mara kumi, na mlonge wenyewe unaweza kushusha sukari juu ya dawa anayomeza.

Namba ya toleo kwenye kopo haifanani na ya kwenye boksi. Na wameandika "huponya kisukari"!

Wafamasia mliomo humu, nimuulize nini muuzaji? Daktari wake nitamwonyesha kopo kliniki ijayo.