Naomba ushauri: "siku za ziada" zimetuchelewesha, niziiteje?

Habari wadau. Nasimamia mradi wa maji kijijini huku Uvinza, Kigoma.

Tanki lina msingi siku 6, kusubiri zege likomae 7, kisha mnara 10, jumla 23. Hiyo nimeiita njia kuu: ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa. Sambamba kuna mtaro siku 9, halafu mabomba 8, jumla 17. Kwa hiyo upande huo una nafasi ya siku 6, nami niliwaambia viongozi wa timu ni "siku za ziada".

Kila mmoja akaelewa anazo 6 zake! Fundi wa mtaro akatumia 5, ikabaki 1. Wa mabomba akachelewa siku 3 akiamini yuko salama, tukamaliza siku ya 25.

Nafikiria kuita "akiba ya pamoja", na kuandika kila Jumatatu zilizobaki. Kwenye rejista ya vihatarishi nako wanaandika "mvua imenyesha", wakati nataka jambo ambalo bado halijatokea, mfano "mvua ikinyesha mtaro utajaa", na nani atafanya nini.

Nyie mnatumia maneno gani na mafundi wenu?