Amemaliza kidato cha sita, hana mtaji: mayai ya kuchemsha, kibanda cha mobaili mani au kuchuma kahawa?

Dada wa Namatala
Ndugu zangu, mdogo wangu amemaliza mitihani ya kidato cha sita na sasa anasubiri matokeo ya UNEB. Nyumbani hatuna senti ya kumpa awe na mtaji, lakini amepata nafasi tatu: kuuza mayai ya kuchemsha, kukaa katika kibanda cha mobaili mani, na kuchuma kahawa kwa mjomba. Mwenye kibanda anataka jibu kabla ya Jumatatu. Mngechagua ipi?

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Dada, umetuuliza swali na kuacha nusu yake nyumbani. Ana umri gani, na kitambulisho cha taifa anacho? Kibanda kinalipa mshahara au sehemu ya kamisheni? Mayai anayanunua kwa fedha za nani? Na hasara ikitokea, mmekubaliana ailipe nani? Hilo la mwisho ndilo ningependa ulijibu kwanza, kwa sababu asiye na mtaji hufanya kazi kwa mtaji wa mtu mwingine.

Baba Kuku
Mimi nasema afuge kuku wa nyama. Baada ya wiki sita hivi wanauzwa, na fedha anaziona mkononi.

Binti wa Busia
Kaka, dada ameandika kwamba hawana mtaji. Vifaranga, chakula, chanjo na mkaa wa kuwapasha joto vitatoka wapi?

Baba Kuku
Kuna mikopo ya simu.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Mkopo wa simu hudaiwa baada ya siku chache au wiki chache, na kuku watakuwa bado hawajafikia kuuzwa. Tafadhali tumwache kijana aanze bila deni la aina hiyo.

Dada wa Namatala
Samahani kwa kuchelewa. Ana miaka 18 na kitambulisho anacho. Tunaishi naye hapa Mbale. Kibanda kinalipa shilingi 150,000 kwa mwezi, bila chakula. Mwenye duka la mayai yuko tayari kumpa trei mbili kwa mali kauli, alipe jioni. Mjomba yuko Budadiri na analipa kwa debe. Kuhusu hasara hatukuuliza.

Binti wa Busia
Basi naomba nieleze yaliyompata binti wa shangazi yangu, aliyekaa katika kibanda kama hicho baada ya mitihani. Jioni moja, watu wakiwa wamejaa, alikuja mwanamume aliyevaa vizuri akasema anataka kutoa shilingi 200,000. Ujumbe ukaingia katika simu ya kibanda, umeandikwa vilevile kama ujumbe wa kampuni, pamoja na jina na kiasi. Akahesabu noti, akampa. Alipotaka kumhudumia mteja aliyefuata ndipo alipoona salio halijabadilika. Ujumbe ule ulikuwa umetumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu, wala si kutoka kampuni. Tajiri wake hakutaka kusikia lolote. Alimkata mshahara hadi fedha zote zikarudi, kwa hiyo binti yule alifanya kazi zaidi ya mwezi mzima bila kupata kitu. Hakukuwa na karatasi yoyote iliyosema hasara ni ya nani. Tangu hapo siwezi kumshauri mtoto wa mtu akae kibandani.

Wakala wa Tororo
Pole kwa yaliyompata, dada, lakini kosa halimo katika kazi yenyewe. Mimi ni wakala, na wapo vijana wanaonifanyia kazi. Kabla ya kutoa noti, kijana hasomi ujumbe tu, bali huangalia salio. Mteja akitoa 200,000, salio la simu lazima lipande kwa 200,000; lisipopanda, hakuna kilichofanyika.

Jambo la pili ni daftari. Tuseme tajiri anakuachia 800,000 asubuhi, yaani 500,000 ndani ya simu na 300,000 taslimu. Mteja akiweka 100,000, simu inabaki na 400,000 na taslimu inakuwa 400,000. Jumla haibadiliki siku nzima, na kamisheni huhesabiwa kando. Kijana akijumlisha kila baada ya saa mbili, upungufu ataugundua angali anakumbuka wateja waliopita. Tajiri mwenyewe au mwanawe akichukua fedha za sokoni, naye aandike na kutia sahihi. Tajiri anayekataa kutia sahihi, kijana amwache mapema.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Hapo Wakala amesema kweli. Hata hivyo, 150,000 kwa siku 26 za kazi haifiki 5,800 kwa siku, na chakula cha mchana kinatoka humo humo.

Mchemsha Mayai
Ndiyo maana mayai ni bora, kwani hayana hasara. Niliuza jioni karibu na stendi ya mabasi nikapata fedha ya kulipia fomu zangu zote.

Mwalimu Mstaafu, Jinja
Faida ipo, ndugu yangu, lakini usiseme hayana hasara. Tuchukue trei moja kuwa 13,000, ingawa bei hupanda na kushuka. Trei mbili ni 26,000, na mkaa, chumvi na mifuko tuviweke 2,500. Jumla ni 28,500. Akiuza yai kwa 700, mayai 40 ya kwanza yanampa 28,000 tu, yaani bado hajafikia gharama. Akiuza 55, kwa kuwa mengine yatapasuka, anabaki na 10,000. Mvua ikinyesha akauza 35, analala na deni la duka.

Kwa hiyo asichemshe trei mbili kwa pamoja. Achemshe moja, na ya pili aifuate dukani kama ya kwanza imekwisha. Yai bichi dukani huenda wakalipokea, lakini lililochemshwa ni lake. Ayaweke katika maji baridi kabla ya moto na asiwashe mkaa kwa nguvu, maana yai likitumbukizwa katika maji yanayochemka hupasuka, na lililopasuka mteja halitaki.

Mchemsha Mayai
Nakubali kuhusu trei moja moja. Lakini kachumbari umeisahau, Mwalimu, na kachumbari ndiyo inayowarudisha wateja.

Binti wa Busia
Nao askari wa jiji wakimchukua na ndoo yake?

Mchemsha Mayai
Aulize wauzaji wa eneo lile wanauza saa ngapi na upande gani. Huo ndio usalama ninaoujua mimi.

Mkulima wa Sironko
Hakuna aliyezungumza juu ya kahawa, nami nimechuma tangu utotoni. Faida yake ni moja: mchumaji hashiki mali ya mtu inayoweza kumletea deni. Asiyezoea atajaza debe mbili au tatu kwa siku, kwa sababu lazima achague zilizoiva nyekundu, moja moja, bila kung'oa kikonyo. Akichanganya mbichi, mwenye shamba atamwaga debe lote chini na kumwambia achague upya.

Tatizo ni msimu. Sehemu za chini za mlima kahawa huiva mapema, na za juu huchelewa. Dada, shamba la mjomba liko upande gani? Kama ni chini, huenda akakuta mibuni imebaki na punje za mwisho tu. Debe pia mliangalie, kwani wengine wanataka lijae hadi kilele kisha wanalipa kama lililosawazishwa.

Dada wa Namatala
Asanteni sana. Nimempigia mjomba, anasema ni juu na kahawa bado ipo kwa wiki kadhaa, na kijana atalala na kula kwake. Mwenye kibanda nimemuuliza kuhusu hasara, akasema, "Tutaelewana." Mdogo wangu mwenyewe bado anapendelea kibanda kwa sababu kiko mjini.

Wakala wa Tororo
"Tutaelewana" si jibu, dada. Mwambie aandike.

Baba Kuku
Huyo mjomba wa Budadiri, je, ana nafasi ya banda nyuma ya nyumba?