Ada ya bweni imepanda, nimeisoma bajeti yao na hesabu haikai!

MzaziWaWawili:

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Tumeletewa ada mpya ya bweni, na safari hii uongozi umeambatanisha bajeti. Nadhani walitegemea hakuna atakayeisoma. Mimi nimeisoma mstari kwa mstari.

Kiasi chenyewe sikiweki hapa, shule isije ikatambulika. Chukulieni ada mpya ni 100. Chakula kimepewa 52, matandiko 14, matroni 16, maji 8 na ukarabati 10. Wamejumlisha gharama zote wakagawanya kwa watoto 120 walioko bwenini.

Tuanze na chakula. Wamechukua gharama ya kumlisha mtoto mmoja kwa siku wakazidisha mara 365. Mwaka mzima! Kwa kalenda waliyotupa wao wenyewe, watoto wanalala bwenini siku 260 tu. Likizo zote mtoto anakula kwangu, na huku bado nalipia sahani yake bwaloni. Ukiweka siku 260, ile 52 inashuka hadi 37.

Sasa magodoro. Katika ile 14 ya matandiko, 11 ni ya kununua magodoro mapya 120, na mstari huo upo kila mwaka. Binti yangu mdogo analalia godoro namba 47. Chini ya namba kuna jina la dada yake, aliliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito enzi zake. Katikati limebonyea, ukilikandamiza kwa kiganja unagusa mbao za kitanda. Yaani tunalipia godoro jipya kila mwaka na mtoto analala juu ya mbao! Hayo magodoro mapya yanakwenda wapi? Nataka jibu kabla ya kikao cha wazazi.

BabaMapacha:

Mkuu, umeacha kubwa kuliko yote. Bweni lina vitanda vingapi? Kama ni 160, kwa nini wanagawanya kwa 120? Gawanya kwa 160, ada inashuka robo nzima papo hapo. Tunalipia vitanda vitupu vya watu.

MhasibuMstaafu:

BabaMapacha, una hoja, ila umeivuta mbali mno. Nimeandaa bajeti za mabweni kwa miaka mingi. Kitanda kitupu hakili wala hakiogi, kwa hiyo chakula na maji havigawanywi kwa vitanda, vinafuata vinywa. Mshahara wa matroni na sehemu kubwa ya ukarabati ndizo gharama zisizobadilika hata watoto wakipungua. Hizo ndizo zingepungua kwa kila mtoto kama vitanda 40 vingejaa. Lakini havijajaa. Ukigawanya kwa 160 huku wanaolipa ni 120, muhula wa mwisho stoo inakuwa tupu na matroni hajalipwa.

Mleta mada, kwenye siku uko sahihi kabisa, 365 haina utetezi. Ila usiende kikaoni na 37 kamili. Nafaka inapungua ikichambuliwa, gunia linaloza, na wapishi nao wanakula. Ongeza asilimia 5, useme 39.

Godoro la bweni unalihesabia miaka kadhaa. Tuseme 4: kila mwaka unanunua robo ya magodoro, yaani 30, na unaanza na yaliyobonyea. Ile 11 inakuwa chini kidogo ya 3. Ukijumlisha 3 ya shuka na mablanketi, matandiko yote ni 6 badala ya 14. Omba daftari la mali, lile linaloandikwa godoro limeingia lini na lipi limetolewa. Kama hakuna daftari, hapo umeshapata jibu lako.

MzaziWaWawili:

Asante sana mzee wangu. Kwa hiyo chakula kimepungua 13 na matandiko 8. Ada inapaswa kuwa 79. Wametubebesha 21 isiyo na maelezo!

MamaWaKutwa:

Na mimi naomba kusaidiwa. Mwanangu ni wa kutwa, hajawahi kulala hapo hata siku moja, lakini kwenye ankara yake kuna maji ya bweni. Hii ni sahihi?

MhasibuMstaafu:

Mama, hiyo si sahihi kwa maelezo uliyotoa. Uliza kama mita ni moja kwa shule nzima. Ikiwa ni moja, mhasibu anakata bili kwa makisio, na makisio hayo yanaweza kujadiliwa.

MatroniWaZamani:

Ndugu zangu, naona wote mnatafuta pa kupunguza. Nami nilifanya kazi hiyo, niruhusuni niseme. MzaziWaWawili, ile 16 ya matroni inalipia watu wangapi, kwa miezi mingapi?

MzaziWaWawili:

Matroni 1 na msaidizi 1, miezi 9.

MatroniWaZamani:

Nilijua tu! Chakula wamekihesabia mwaka mzima, binadamu wakamhesabia miezi 9. Likizo matroni haendi kukaa bure. Anafua mablanketi, anaanika magodoro, anahesabu shuka, anapokea watoto siku ya kufungua. Na asipolipwa likizo anatafuta kazi kwingine, kila mwaka watoto wanapata mgeni asiyejua nani ana pumu na nani anakojoa kitandani. Wekeni miezi 12, hiyo 16 iwe 21. Na hapo hata sijamtaja wa kumpumzisha. Watu 2 kwa watoto 120, mmoja akiwa na siku ya mapumziko na mwingine kampeleka mtoto hospitali saa 8 usiku, nani amebaki bwenini?

MzaziWaWawili:

Dada, kusema kweli hilo sikuliangalia kwa jicho hilo, na silipingi. Alipwe. Kwa hiyo tunafika 84. Bado ni 16 chini ya wanachodai, na bado godoro ni lilelile.

MhasibuMstaafu:

84 inashikika. Ila usipitishe maji na ukarabati bila kuuliza, mistari hii miwili inasomwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linaweka lita 20 kwa mtu kwa siku katika shule ya bweni, na vyoo vya kuvuta vinaongeza 10 hadi 20. Kwa watoto 120 ni lita 3,600 hadi 4,800 kwa siku. Kama bili inaonyesha mara mbili ya hapo, kuna mahali panavuja. Matangi yakishajaa na watoto wamelala, mtu asome mita, aisome tena kabla hawajaamka. Ikiwa imesogea sana, mara nyingi ni boya la choo lisilofunga au bomba lililopasuka chini ya ardhi. Fedha za ukarabati zisipotumika, zinatokea kwenye bili ya maji.

BabaMapacha:

Sawa mzee, vitanda nimekuelewa. Lakini wasiomaliza ada je? Kwetu walisema wameongeza kidogo kwa kila mtoto kufidia madeni. Huo si uonevu kwa anayelipa?

MhasibuMstaafu:

Shule nyingi hufanya hivyo, kwa sababu wakikusanya pungufu chakula ndicho kinachokatwa kwanza. Mimi ningeutaka mstari huo uandikwe wazi kwenye bajeti, usifichwe ndani ya siku 365.

MatroniWaZamani:

Mimi siafiki. Deni la mzazi mmoja lisihamie kwa mwingine, shule ikae naye wapange namna ya kulipa.

MzaziWaWawili:

Hapo tutabishana kikaoni. Mimi naomba karatasi 4: rejista ya usiku, leja ya stoo, daftari la magodoro na bili za maji za mwaka uliopita. Na nimemwambia binti asibadilishe godoro hadi kamati ya wazazi ikalione yenyewe.