Jaribio la rababendi na makopo darasa la tatu: kopo pana linatoa sauti nene, mbona?

MwalimuWaTatu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sayansi darasa la tatu, watoto wa miaka minane hivi, na wiki ijayo tunaanza sauti na mtetemo. Nimeandaa makopo matatu: la nyanya, la kakao, na lile pana fupi la maziwa ya unga. Rababendi ni ya aina moja. Naipitisha juu ya mdomo wa kopo na kuizungusha chini ya kitako, kisha naivuta kidogo katikati na kuiachia.

Nilitegemea kopo likiwa pana mpira ukazike zaidi na sauti iwe nyembamba. Lakini la nyanya na la kakao yamelia karibu sawa, na lile pana la maziwa ndilo limetoa sauti nene kuliko yote. Nimebadili mpira, hali ni ileile. Karatasi yangu ya kujazia ina safu tatu: kopo, mpira umekazwa kiasi gani, sauti kubwa au ndogo. Watoto ni zaidi ya sitini. Nifanyeje ili wanachokiona kiendane na ninachofundisha?

Kijana_wa_Mbezi
Mwalimu, hiyo mipira yako imechoka. Kanuni ni moja tu: ukikaza, sauti inakuwa nyembamba. Nunua mipya, halafu changanya minene na myembamba. Mnene utalia nene, mwembamba utalia nyembamba, somo limeisha.

BabaNaima
Sisi tulifanya hilo utotoni. Unatoboa vitako vya makopo mawili, unapitisha uzi, unafunga fundo kwa ndani, mmoja anaongea mwingine anasikiliza. Uzi usilegee wala usiguse ukuta, hapo tu.

MwalimuWaTatu
Asante Baba Naima, ila hiyo ni simu ya makopo. Yangu ni ya rababendi juu ya mdomo wa kopo.

Fundi_Gambusi
Mwalimu, mipira yako haina kosa, na ulichosikia ndicho kinachopaswa kusikika. Nitaeleza taratibu.

Kwenye gambusi ukizungusha kigingi, uzi unakazika lakini sehemu inayolia inabaki na urefu uleule. Ndiyo maana sauti inapanda waziwazi. Rababendi ukiipeleka kwenye kopo pana unabadili mambo matatu kwa mpigo. Imekazika, na hilo linapandisha sauti. Imekuwa nyembamba, na hilo pia linapandisha. Lakini kipande kinachotetema juu ya mdomo kimerefuka, na hilo linaishusha. Yanavutana. Mpira uliokwisha kuvutwa mara mbili ya urefu wake, ukiuvuta hadi mara tatu, sauti inapanda kidogo tu. Ukiupeleka hadi mara nne, mtoto hatasikia tofauti ya maana. Na kopo pana na fupi kama lako la maziwa linaweka sehemu kubwa ya mpira juu ya mdomo na ndogo ubavuni, kwa hiyo urefu unashinda.

Dawa ni kubadili jambo moja kwa wakati. Tumia kopo moja na mpira mmoja, majaribio mawili.

La kwanza, kukaza bila kurefusha. Mtoto mmoja ashike kopo, mwingine aushike mpira pale unaposhuka ubavuni na kuuvuta chini polepole, wa tatu awe anaupiga juu ya mdomo. Umbali kutoka ukingo hadi ukingo haubadiliki, ila mpira unakazika. Utasikia sauti ikipanda palepale. Isipopanda, angalia ukingo: mpira umenasa na mvuto haufiki juu. Zungushia selotepu ukingoni ili uteleze.

La pili, kufupisha. Ingiza penseli chini ya mpira, ilale juu ya mdomo kutoka ukingo hadi ukingo. Mtoto aubane mpira kwa kidole juu ya penseli na kupiga upande mmoja. Penseli ikiwa katikati, sauti inapanda sana, kama wanaume na wanawake wanavyoimba wimbo uleule, kila kundi kwa sauti yake. Asogeze penseli karibu na ukingo mmoja apige kipande kifupi, kisha kirefu. Hili halijawahi kuniangusha, na mtoto anaona kwa macho kilichobadilika.

Ndugu yangu wa Mbezi, hilo la unene usimwahidi mtoto. Mpira wenye upana mara mbili una uzito mara mbili, sawa, lakini pia unavuta kwa nguvu mara mbili. Ikiwa ni raba ileile na urefu uleule kabla ya kuvutwa, italia karibu sawa.

Kijana_wa_Mbezi
Mkuu, nina mipira miwili hapa mezani nimeijaribu sasa hivi kwenye kopo moja. Mnene unalia nene. Nimesikia kwa masikio yangu.

Fundi_Gambusi
Ilaze yote miwili mezani bila kuvuta, uipime. Mara nyingi mnene ndio mrefu pia, kwa hiyo umekazika kidogo kuliko mwenzake.

MamaTunu
Samahani nikiingilia. Mwanangu hasikii vizuri na yuko darasa kama hilo. Mwalimu wake alimpa kopo ashike kitako kwa viganja huku mwenzake akipiga mpira, na alijua ni lini mpira unatetema na ni lini umetulia. Mwalimu, kwenye karatasi yako weka mahali pa kuandika alichohisi mkononi. Asiwepo mtoto anayenakili majibu ya jirani.

MwalimuWaTatu
Mama Tunu, nimeichukua. Fundi, nimejaribu la penseli sasa hivi, limekubali. Hili la kuvuta ubavuni liligoma mpaka nilipoweka selotepu. Sasa karatasi nimeipanga hivi, mniambie:

Nilichofanya:
Kabla ya kupiga, nadhani sauti itakuwa: nene / nyembamba / ileile
Nilisikia: nene / nyembamba / ileile
Ilikuwa: ya nguvu / hafifu
Niliona mpira:
Nilihisi kwenye kopo:

Fundi_Gambusi
Nzuri. Kutenganisha "nene/nyembamba" na "ya nguvu/hafifu" ndiko kutakuokoa, maana ile safu ya "kubwa au ndogo" mtoto angejaza na wewe usijue alimaanisha nini. Weka na mstari wa kupiga kwa nguvu kisha polepole bila kugusa kitu kingine. Nikijaza mimi: "Nilipiga kwa nguvu. Nilidhani itakuwa nyembamba. Nilisikia ileile. Ilikuwa ya nguvu. Mpira ulichanua ukaonekana mpana. Kopo lilitetemeka zaidi." Wengi watakosea kubashiri hapo. Waambie wasifute walichobashiri.

Ruhusu na "ileile" kuwa jibu halali, usiisahihishe kwa wino mwekundu.

Mama_Duka
Makopo yaliyofunguliwa kwa kisu yana meno, yatawakata. Chukua yenye kifuniko cha kubandua, kakao au maziwa. Na mpira ukikatika unaruka machoni, uso usiwe juu ya kopo.

MwalimuWaTatu
Nimekuelewa, la nyanya naliondoa. Nitagawa makundi ya watoto watano kwa kopo: mshikaji, mvutaji, mpigaji, msikilizaji, mwandishi, na wanabadilishana kila mstari wa karatasi.

Kijana_wa_Mbezi
Fundi, nimepima. Mnene ni mrefu kweli, kama upana wa kidole. Lakini nimeukata na kuufunga fundo ulingane na mwembamba, bado unalia nene kidogo.

Fundi_Gambusi
Fundo lenyewe liko wapi, juu ya mdomo au chini ya kitako? Na je, ni raba ya rangi moja, pakiti moja?

Kijana_wa_Mbezi
Fundo liko chini. Pakiti ni tofauti. Kesho natafuta za pakiti moja, nitarudi.