Naomba ushauri: nauli ya ndege imepanda kwa sababu nimeitafuta mara nyingi?

Ndugu wanajamvi, natafuta tiketi mbili za ndege kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, mimi na mama. Jana asubuhi kila kiti kilikuwa shilingi 180,000, na jioni, baada ya kutazama mara tano, kikawa 240,000. Nilidhani simu yangu inafuatiliwa, lakini simu ya jirani, ambayo haijawahi kutafuta safari hiyo, ilionyesha 240,000 ileile. Nilipoweka abiria mmoja badala ya wawili, 180,000 ikarudi, nikaelewa kwamba daraja la nauli nafuu limebakiza kiti kimoja, na mfumo huwauzia abiria wa ombi moja daraja moja. Je, ninunue kila tiketi peke yake, ingawa ratiba ikibadilishwa tunaweza kutenganishwa na mama?