Bodaboda aliyemgonga mdogo wangu katoroka na bima imeisha: tumdai nani fidia?

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri, hasa kwa wanasheria na mliowahi kupitia haya hapa Tanzania.

Mdogo wangu aligongwa na bodaboda akiwa anavuka kwenye zebra. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, amewekewa chuma na bado anatembelea magongo. PF3 tunayo na risiti zote za hospitali nimezitunza. Dereva alikimbia akaacha pikipiki, iko kituo cha polisi.

Tuliingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA. Bima ilikwisha kabla ya siku ya ajali, kwa hiyo hakuna kampuni ya kuidai. Ingekuwa hai, dereva kutoroka kusingetuzuia kuidai.

Sasa mwenye kadi anasema aliiuza zamani kwa mkono, tena dereva alikuwa wa mkataba wa kuleta hesabu kila siku. Lakini jina kwenye kadi bado ni lake, hawakubadilisha umiliki TRA. Je, mahakamani huyu anachomoka, au tumshtaki pamoja na aliyenunua?

La pili ndilo linaninyima usingizi: pikipiki ndiyo mali pekee tunayoiona. Tunaombaje zuio isiachiwe kabla ya kesi ya madai? Najua madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, ila pikipiki inaweza kuondoka hata kesho.