Faiba au shaba kati ya majengo mawili? Eneo lina radi nyingi

Tumaini_Net:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijaagiza vifaa. Nataka kupeleka mtandao kutoka jengo kubwa hadi jengo la nyuma. Fundi mmoja anasema nivute kebo ya shaba ya nje, Cat6 yenye ganda la chuma, maana umbali haufiki mita 100 na kazi inaisha siku hiyo hiyo. Mwingine anasema bila faiba yeye haigusi kazi hiyo. Huku radi ni nyingi na mvua zinakaribia. Nichukue ipi?

Ampea:
Mkuu, bado hujatupa pa kushika. Kebo itapita chini au hewani? Umeme wa jengo la nyuma unatoka kwenye ubao wa jengo kubwa, au lina mita yake? Lina rodi yake ya athi? Kuna waya mwingine wowote kati ya majengo hayo, hata wa kengele? Na huko nyuma utawasha nini?

Shaba_Imara:
Hayo yote ya nini? Nimefunga shaba kati ya majengo miaka mingi na zinafanya kazi. Siri ni moja: ganda la kebo liunganishe na athi upande mmoja tu, basi hakuna mkondo unaozunguka. Faiba ikikatika utaanza kumtafuta mwenye mashine ya kuunga. Shaba unabana plagi mwenyewe, dakika tano umerudi hewani.

Ampea:
Shaba_Imara, kwa mkondo mdogo unaozunguka siku zote kati ya athi mbili uko sahihi, kuunganisha upande mmoja kunaukata. Kwa radi haisaidii. Chukua radi ya ampea 20,000 inayoingia ardhini kupitia rodi ya omu 10. Athi ya jengo hilo inapanda kwa volti 200,000 kuliko ardhi ya mbali. Tuseme sehemu kubwa ya mkondo imepata njia nyingine, na kwenye rodi imebaki moja ya ishirini. Bado ni volti 10,000. Vile vitransfoma vilivyo ndani ya porti ya ethaneti vinatakiwa kustahimili volti 1,500 tu. Jengo la pili halijapanda, kwa hiyo tofauti yote inasimama kwenye ile ncha ya ganda uliyoiacha wazi, na cheche inarukia swichi. Ukiunganisha ncha zote mbili, mkondo wa radi unatafuta kupita kwenye ganda jembamba kama karatasi. Na si lazima radi ipige jengo lenyewe, mti wa jirani unatosha.

Dada_Seva:
Naunga mkono, na nieleze yaliyotukuta kazini. Kampuni iliyotufungia iliweka shaba kati ya ofisi na ghala, ikaweka na kinga za radi ncha zote mbili. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Radi ikapiga mti nje ya uzio, mbali na majengo yote mawili. Swichi ya ghala iliwaka taa kama kawaida, lakini porti nne hazikushika kitu. Upande wa ofisi porti ilishika kwa 100 badala ya 1000, na makosa yalikuwa yakiongezeka kila tukitazama:

```
ethtool eth0
ethtool -S eth0
```

Tukabadilisha kebo, hali ikabaki ile ile. Wiki chache baadaye swichi ya ofisi nayo ikafa bila radi yoyote, ilikuwa imeshaumia ndani. Mkaguzi alipokuja akakuta kinga ya ghala imefungwa kwenye rodi yake peke yake, iliyopigwa nje ya ukuta, na rodi hiyo haikuunganishwa na athi ya umeme ya jengo. Waya wake ulikuwa mrefu, umezungushwa na kukunjwa ndani ya kasha. Kwa hiyo kinga ilifuata volti za rodi yake, swichi ikafuata volti za athi ya umeme, na tofauti ikapasukia ndani ya swichi. Kinga inafanya kazi ikiwa pale kebo inapoingia jengoni, na waya mfupi ulionyooka hadi baa kuu ya athi. Tukaweka faiba. Mti ule ule umepigwa tena na mtandao haukuyumba.

Upepo:
Kwa nini mnachimba? Wekeni antena mbili juu ya paa, zitazamane. Mimi natumia hivyo na sina waya kati ya majengo.

Dada_Seva:
Kati ya majengo huna, kaka, lakini kila antena ina kebo ya shaba inayoshuka kutoka paani hadi kwenye swichi yako. Umepeleka shaba mahali palipo juu kuliko pote. Kama hakuna ruhusa ya kuchimba sawa, ila kinga na athi bado utazihitaji pande zote mbili.

Tumaini_Net:
Asanteni. Umbali ni kama mita 70, na kuna paipu tayari chini ya ardhi. Umeme wa nyuma unatoka ubao wa jengo kubwa, lakini fundi alipiga rodi nyingine huko nyuma. Kutakuwa na kamera mbili za PoE na kompyuta. Halafu kuna waya wa kengele ya geti, unapita kwenye paipu hiyo hiyo.

Ampea:
Sasa tunaongea. Weka faiba, na iwe isiyo na chuma ndani: hakuna ganda la chuma, hakuna waya wa chuma wa kuibeba. Kamera zipate PoE kutoka swichi itakayokaa jengo la nyuma, maana faiba haibebi umeme. Kama swichi zote mbili zina nafasi ya SFP, achana na midia konveta. Kila moja ni adapta nyingine ya kuungua.

Ila faiba inafunga mlango mmoja tu. Kebo ya umeme na waya wa kengele bado ni shaba kati ya majengo yale yale. Rodi ya nyuma mwambie fundi wa umeme aikague kama imeungwa na athi ya ubao wa huko, kisha aweke kinga ya radi kwenye ubao huo. Kengele ama uitoe ama uipe kinga yake.

Shaba_Imara:
Kwa mita 70 hizo basi achukue maltimodi, singomodi ni ya masafa ya kilomita.

Nyuzi:
Sikubali. Singomodi inafanya kazi vizuri kwenye mita 70, na SFP za kawaida za kilomita 10 hazizidiwi na mwanga kwa umbali huo. Akitaka kasi kubwa baadaye atabadilisha SFP peke yake. Anunue iliyofungwa viunganishi kiwandani, hapo hakuna mashine ya kuunga. Asafishe ncha kabla ya kuchomeka, na vifuniko avitoe dakika ya mwisho.

Shaba_Imara:
Na panya? Faiba isiyo na chuma kwenye paipu wanaitafuna. Ndiyo maana watu hununua yenye ganda la chuma.

Ampea:
Hapo una hoja. Kuna zenye nyuzi za kioo chini ya ganda, zinawapunguzia hamu. Au paipu izibwe vizuri ncha zote mbili.

Nyuzi:
Mimi ningechukua ya chuma, niukate ule mkanda nje ya jengo kabla kebo haijaingia ndani.

Dada_Seva:
Na ncha uliyokata itakaa wapi? Ikiwa karibu na rafu, cheche inaruka. Ikiingia jengoni bado ina chuma, basi iungwe kwenye baa ya athi hapo hapo mlangoni.

Tumaini_Net:
Ya chuma ninayo ofa yake tayari. Ngoja nipige picha ya maandishi ya kwenye ganda niwaletee. Paipu yenyewe ina upana wa milimita 25, je, viunganishi vya kiwandani vitapita na ule waya wa kengele ukiwa ndani?